NENO MOJA LA HADITHI YA MWEZI NA NJIA TATU ZA KULISOMA



Ndugu zangu, wiki iliyopita baada ya Isha kijana mmoja wa darasa letu, yuko kidato cha sita, aliniletea daftari lake la somo la dini. Walipewa kazi shuleni: eleza namna maulamaa walivyozifahamu hadithi za mwandamo wa mwezi, bila kuegemea upande. Kijana alijaza kurasa mbili. Ukurasa mmoja na nusu ulikuwa wa msimamo wanaoufuata nyumbani kwao, una hadithi, una majina ya vitabu, una hoja. Nusu ukurasa iliyobaki ilikuwa ya "wengine", na ilianza hivi: wengine hufuata tu.

Nikamwekea kidole kwenye lile neno "tu". Nikamwambia, mwanangu, kazi yako imeharibikia hapa. Ukishasema mtu anafuata "tu", umeshahukumu kwamba hana dalili, na hujamuuliza.

Sitasema nyumbani kwao wanafunga na nani. Wala mimi leo sitasema nafunga na nani, ingawa wanaoswali kwetu wanajua. Mnaijua hali yetu Tanzania. Wapo wanaosubiri tangazo la Mufti kupitia BAKWATA, na wapo wanaofunga mwezi ukionekana popote duniani. Hapa Mwanza kuna nyumba ambamo baba amefunga siku ya thelathini na watoto wake wawili wametoka kuswali Idi, na mama hajui sufuria la pilau alibandike leo au kesho. Namjua mama huyo. Aliniambia, "Sheikh, mimi sitaki kujua nani ana haki, nataka kujua kwa nini wanangu hawasalimiani na baba yao."

Nami nina deni katika jambo hili. Zaidi ya miaka kumi iliyopita nilisimama kwenye mimbari nikawasema watu wa upande wa pili kwamba wanaifuata nchi fulani wakaiacha Sunna. Mzee mmoja, aliyekuwa akikaa safu ya kwanza kabla ya adhana, alinisubiri mlangoni. Akaniuliza, "Hadithi ya hao uliowasema umeisoma?" Nikasema naijua. Akasema, "Basi nitajie wao wanaielewa vipi." Sikuweza. Nilikuwa najua wanafanya nini, sikujua wanaisoma vipi. Yule mzee hakurudi kuswali kwetu mpaka alipofariki, Allah amrehemu. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni kazi niliyotakiwa kuifanya siku ile.

Tuchukue neno moja la hadithi, tuone wanazuoni wanavyotengana juu yake. Hadithi inapokewa kwa Abdallah bin Umar (r.a.), imo katika Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba Mtume (s.a.w.) alitukataza kufunga mpaka tuuone mwezi, na kufungua mpaka tuuone, na ukifunikwa na mawingu tusiuone, basi "faqduruu lahu". Maneno haya mawili ndiyo yenye kazi. Mzizi wake ni qaf, dal na ra, mzizi ule ule uliotupa Kiswahili "kadiri", "kadirio" na "kudura". Katika Kiarabu unabeba maana ya kupima, kukadiria, na pia kubana. Sasa wingu limefunika ziwa lote, tumesimama ufukweni Kirumba jioni ya tarehe 29 Shaabani, na tumeambiwa faqduruu lahu. Tufanye nini?

Njia ya kwanza inasema, hadithi huifasiri hadithi nyingine. Neno likija lenye maana nyingi, usilikimbilie kamusi, tafuta kama Mtume mwenyewe amelisema jambo hilo hilo mahali pengine kwa neno lililo wazi. Wakatafuta wakaipata riwaya ya Abu Huraira (r.a.), nayo imo katika Bukhari, inayosema mkifunikiwa na mawingu basi kamilisheni idadi ya Shaabani siku 30. Kwisha. Lile lisilo wazi limefasiriwa na lililo wazi, na "faqduruu" maana yake ni hesabuni mpaka 30. Huu ndio msimamo wa maulamaa walio wengi, wakiwemo Imam Malik, Imam Shafii na Imam Abu Hanifa.

Njia ya pili inasema, aliyeisikia hadithi na kuipokea ndiye anayeijua zaidi kuliko sisi, basi tutazame yeye alifanya nini. Mpokezi hapa ni Ibn Umar. Imepokewa kwamba jioni ya tarehe 29 Shaabani alikuwa akimtuma mtu atazame. Mbingu ikiwa safi na mwezi usionekane, hafungi. Ikiwa kuna wingu au vumbi limezuia, anaamka amefunga. Kwa hiyo kwake "faqduruu" ilikuwa na maana ya kuubana mwezi wa Shaabani, uhesabiwe siku 29. Wenye njia hii wana ushahidi wa lugha pia, maana Qur'ani imelitumia neno la mzizi huu kwa mtu aliyebanwa riziki yake, katika Suratu Twalaq. Hii ndiyo riwaya mashuhuri kwa wafuasi wa Imam Ahmad bin Hanbal. Nilipowasomea vijana darasani wakacheka, kwamba unafungaje bila kuona mwezi! Nikawaambia msicheke, mnamcheka Ibn Umar.

Njia ya tatu inatazama nani anaambiwa. Inanukuliwa kwa Mutarrif bin Abdillah, ambaye ni miongoni mwa Tabiina, na kwa Ibn Surayj, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 306 Hijria. Ibn Surayj hakuitupa hadithi ya Abu Huraira. Alisema hadithi mbili zina wasikilizaji wawili. "Kadirieni" anaambiwa mwenye elimu ya mahesabu ya mwezi, na "kamilisheni 30" wanaambiwa watu wote kwa jumla. Naye analo la kushika katika Qur'ani, kwa sababu Suratu Yunus na Suratu Yasin zinataja kwamba Allah ameukadiria mwezi vituo vyake, na mzizi wa neno ni huo huo.

Sasa simama hapa ndugu yangu, uangalie. Hadithi ni moja, wingu ni moja, na jioni ni ile ile. Wa kwanza atakula daku kesho kutwa, wa pili atakula daku usiku huu, na wa tatu atakwenda kwenye daftari la mahesabu kwanza. Hakuna hata mmoja aliyesema hadithi si sahihi. Wametengana kwenye swali lililokuja kabla ya hadithi yenyewe, nalo ni hili: neno likiwa na maana zaidi ya moja, nani ana haki ya kulifafanua? Ni hadithi nyingine, ni tendo la mpokezi, au ni lugha pamoja na hali ya msikilizaji?

Mpangilio huu sikuubuni mimi. Mwenye kuufahamu zaidi kwangu ni Ibn Rushd, kadhi wa Ishbilia na Kurtuba huko Andalusi, aliyefariki mwaka 595 Hijria, sawa na 1198 Miladia. Kitabu chake Bidayatul Mujtahid kina tabia moja ambayo mwalimu yeyote wa dini angefaidika kuiiga. Anataja kauli, anamtaja mwenye kauli, kisha anaandika sababu ya kutofautiana kwao. Hili la mawingu analitaja, na sababu anayoitoa ni kwamba neno lenyewe limekuja kwa jumla, halikufafanuliwa. Yeye alikuwa Maliki, na mara nyingine husema anachokiona chenye nguvu. Lakini anasema baada ya kueleza. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, tunatanguliza hukumu kisha maelezo yanakuja kuisindikiza.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalotugawa sisi zaidi ya mawingu. Mwezi ukionekana kwa wengine, je, unatulazimu sisi? Wote wanarudi kwenye kisa kimoja kilichomo katika Sahihi Muslim. Kurayb, aliyekuwa mtumwa wa Ibn Abbas kisha akaachwa huru, alitumwa na Ummul Fadhl kwenda Sham kwa Muawiya. Ramadhani ikamwandamia huko, na mwezi wakauona usiku wa kuamkia Ijumaa. Mwisho wa mwezi akarudi Madina. Ibn Abbas akamuuliza mliuona lini, akamwambia. Akamuuliza, wewe mwenyewe uliuona? Akasema ndiyo, na watu waliuona wakafunga, na Muawiya akafunga. Ibn Abbas akamwambia sisi tuliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, basi tutaendelea kufunga mpaka tukamilishe 30 au tuuone. Kurayb akashangaa, kwani kuona kwa Muawiya na kufunga kwake hakukutoshi? Akajibiwa hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume (s.a.w.).

Ukiwauliza wa mwezi wa kitaifa watakwambia kisa kimekwisha, sahaba amekataa mwezi wa Sham. Ukiwauliza wa mwezi wa kimataifa, wale wajinga watakwambia hawakijui kisa hiki, lakini wenye elimu watakuuliza swali moja: "hivi" inaelekea wapi?

Hapo ndipo penye fundo. Ibn Abbas alisema hivi ndivyo alivyotuamrisha, lakini hakuyataja maneno ya amri yenyewe. Anayesoma kwa njia moja anasema, sahaba akisema Mtume alituamrisha, hiyo ni hadithi ya Mtume, na ishara inaangukia jambo lililokuwa mbele yao, yaani kutoufuata mwezi wa mji wa mbali. Anayesoma kwa njia nyingine anasema, amri ya Mtume tunayoijua ni ile ya jumla, fungeni kwa kuuona. "Hivi" inaelekea huko, na kuitumia amri ile dhidi ya Sham ni ufahamu wa Ibn Abbas mwenyewe. Ufahamu wa sahaba unaheshimiwa, lakini haulazimu kama neno la Mtume. Na ile amri ya jumla, wanasema, inauhutubia umma wote, kwa hiyo akiuona Mwislamu mmoja mwadilifu wameuona wote. Imam Shawkani wa Yemen ameieleza hoja hii kwa urefu katika Naylul Awtar. Upande wa kwanza unaye Imam Nawawi, ambaye katika sherehe yake ya Sahihi Muslim anasema dhahiri ya kisa ni kwamba Ibn Abbas aliukataa mwezi ule kwa sababu hukmu ya kuona haiwafikii walio mbali.

Mmeona? Mtengano wote umesimama juu ya neno la ishara. Hata Kiswahili chetu kinatupa mfano. Mwanao akikwambia "baba alisema tufanye hivi", utauliza alisema nini hasa, au umeelewa mwenyewe?

Tena hata ndani ya madhehebu moja njia zinagawanyika, na nataka niwape mfano wa hapa hapa ziwani kwa sababu darasani ndio uliowafungua macho. Sisi wengi wetu pwani na bara tumesomeshwa fiqhi ya Kishafii. Katika Minhaj ya Imam Nawawi kuna mlango wa saumu, na mlango huo unasema mwezi ukionekana mji mmoja, hukmu yake inaufikia mji wa karibu na si wa mbali. Vizuri. Umbali ni kiasi gani? Matini inatoa kauli mbili. Ya kwanza, iliyotangulia kwa Imam Rafii ambaye Minhaj ni muhtasari wa kitabu chake, ni umbali wa safari ya kupunguza swala. Ya pili ni kutofautiana kwa matlai, yaani mahali mwezi unapochomoza na unavyoonekana. Kisha Nawawi anaingiza neno lake mwenyewe: mimi nasema, hii ya pili ndiyo sahihi zaidi.

Haya, tupime. Safari ya kupunguza swala wanaikadiria kilometa 80 hadi 90. Mwezi ukionekana Nansio, Ukerewe, kutoka Mwanza hazifiki 60, basi kwa kipimo chochote unatulazimu. Ukionekana Bukoba je? Kwa mstari wa moja kwa moja juu ya maji ni karibu kilometa 180. Kwa kipimo cha Rafii, Bukoba ni mbali, na mwezi wao si wetu. Kwa kipimo cha Nawawi, Bukoba na Mwanza zinatazama mbingu ile ile, jua linazama kwetu na kwao kwa tofauti ya dakika chache tu, matlai ni moja, na mwezi wao ni wetu. Maimamu wawili wa madhehebu moja, na jibu la wavuvi wa Mwanza na wa Bukoba linageuka. Rafii ameushika umbali kwa sababu sharia imeshautumia umbali huo katika swala na saumu ya msafiri, kwa hiyo amepima kwa mizani iliyokwishawekwa. Nawawi anatazama sababu, kwamba mwezi hauhusiani na uchovu wa msafiri, unahusiana na mbingu.

Kijana mmoja, ana akili sana huyu, akauliza: na Makka? Tukafungua ramani. Makka iko mashariki yetu kwa nyuzi kama saba, jua linatofautiana kwa karibu nusu saa. Kwa mashariki na magharibi si mbali hata kidogo. Tofauti kubwa ni ya kaskazini na kusini, maana sisi tuko kusini ya mstari wa Ikweta na wao wako nyuzi 21 kaskazini, na hiyo nayo hubadilisha namna mwezi unavyolala jioni. Mmoja akaruka, "Basi matlai yetu na Makka ni moja!" Mwingine akamjibu, "Na kaskazini je?" Nikawaacha wabishane kidogo, kisha nikawauliza: mmegundua kwamba sasa mnabishana juu ya kipimo, na hakuna aliyemwita mwenzake mpotovu?

Kutokana na hapo tukaona jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulifahamu. Watu wawili wanaweza kufunga siku moja na wakawa wamefika kwa njia tofauti kabisa. Wanaosubiri tangazo la nchi, baadhi wanashika kisa cha Kurayb. Wengine hawakitegemei kabisa, wanategemea hadithi iliyopokewa na Tirmidhi yenye maana kwamba saumu ni siku wanayofunga watu kwa pamoja, au kanuni kwamba kiongozi akiamua jambo lenye hitilafu basi hitilafu inaondoka. Huyu wa pili, mwezi ukitangazwa kwa kufuata nchi nyingine, atafunga bila taabu, na yule wa kwanza atapata shida. Upande wa pili vilevile. Anayesema mwezi popote duniani si sawa na anayesema Makka. Wa kwanza ukimletea habari ya kuaminika kutoka nchi nyingine kabla ya Makka, kwa njia yake inamlazimu afunge. Kwa hiyo ukiwaeleza watu kwa siku wanayofunga umewachanganya. Waeleze kwa njia wanayosomea, hapo utajua wataelekea wapi hali ikibadilika.

Na mahesabu vilevile yana sura mbili. Wapo wanaoyatumia kuuthibitisha mwezi. Wapo wanaoyatumia kukanusha tu, kama alivyoona Taqiyyuddin Subki, Mshafii aliyefariki mwaka 756 Hijria, kwamba hesabu ikithibitisha kuwa mwezi hauwezi kuonekana, shahidi anayedai ameuona anarudishwa. Wanaoyakataa wanashika hadithi isemayo sisi ni umma usioandika wala kuhesabu. Na hapo tena njia zinatengana. Je, kutojua kuhesabu ndiyo sababu ya hukmu, ikiondoka sababu hukmu nayo igeuke? Sheikh Ahmad Shakir, mtu wa hadithi wa Misri, aliandika hivyo mwaka 1939. Au ni sifa tu iliyotajwa, na hukmu imefungwa kwenye macho ili mvuvi na profesa wawe sawa? Wavuvi wetu wa dagaa, kwa njia, ndio wanaonichekesha katika hili. Wao usiku wa mbalamwezi hawaingii kazini, taa zao hazivuti dagaa. Kwa hiyo siku za giza wanazihesabu kuliko maimamu. Mmoja aliniambia, "Sheikh, mwezi umekufa jana, nyinyi mnautafuta wa nini leo?" Amehesabu huyo, na shule hakumaliza.

Nitaje na hatari moja inayotuhusu sisi Waswahili peke yetu. Katika Suratul Baqara, aya ya 185, Allah anaamrisha kufunga kwa yule "aliyeshahidia" mwezi, na neno la Kiarabu ni shahida. Sisi tukisikia shahida tunasikia shahidi na kushuhudia, na papo hapo mtu anarusha kwenye grupu la wasapu: aya imesema auone kwa macho! Pole pole. Mufasirina wengi wamelisoma neno hili kwa maana ya kuwapo mjini, kinyume cha safari, na ushahidi wao umo ndani ya aya yenyewe, kwa sababu inayofuata papo hapo ni habari ya mgonjwa na msafiri. "Shahr" nayo hapo kwao ni kipindi cha siku, si ule mwezi wa angani. Wapo waliosema ni kuujua na kuushuhudia kuandama kwake. Kauli zote mbili zina wenyewe. Lakini ukiichukua ya pili kwa sababu tu neno limefanana na la Kiswahili, hujafasiri, umesikia mwangwi. Na Kiswahili chenyewe kina mtego, maana kwetu "mwezi" ni wa angani na ni wa siku 30, neno moja.

Najua kuna wenzangu watakaosema: Sheikh, unawachanganya vijana, wape msimamo wafuate. Siku mtu anapokuja kuniuliza nifunge lini, ninampa jibu moja, simsomei Ibn Rushd. Fatwa ina mahali pake. Lakini darasa si fatwa. Na kijana uliyempa msimamo bila njia, akifika chuo akakutana na mwenzake mwenye hadithi asiyoijua, moja ya mbili: atamtukana au atauacha msimamo wako siku hiyo hiyo. Nimewaona wa aina zote mbili. Wala kueleza bila kuegemea si kusema kwamba kauli zote zina uzito sawa. Ya wingi na ya uchache hazilingani, na lazima useme ipi ni ya wengi. Ile ya "shahida" kwa mwangwi wa Kiswahili sikuihesabu kuwa njia hata kidogo.

Basi nilimrudishia kijana daftari. Nikamwambia andika upya nusu ukurasa ile, ifikie urefu inaostahili, kisha nenda kamsomee mtu wa upande ule. Usimuulize kama anakubaliana nawe. Muulize swali moja tu: haya ndiyo mnayosema? Akisema ndiyo, na hapa umesahau hoja yetu ya tatu, iongeze. Akisema sisi hatusemi hivi, futa.

Alimchagua mjomba wake, ambaye hawajawahi kuswali naye Idi siku moja. Alikaa naye barazani Igoma baada ya Alasiri. Mara ya kwanza mjomba alimfutia mistari minne. "Hapa umeandika tunadharau Kurayb. Nani kakwambia? Sisi kisa tunakikubali, tunauliza 'hivi' ni ipi." Kijana akaandika tena. Mara ya pili mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akamwambia, "Sasa nisomee na ya kwenu."

Kijana akasoma ile kurasa moja na nusu. Ameniambia kwamba akiwa katikati aliona haya, kwa sababu na humo alimokuwa na uhakika alikuta "tu" mbili, moja ameandika kwamba dhahiri ya kisa ni hii tu. Akaifuta mwenyewe mbele ya mjomba.

Jumanne inshaallah baada ya Magharibi tutasoma hadithi ya idadi ya mashahidi, je ni mmoja au wawili, na Bedui aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) akasema ameuona. Kila mmoja aje na kalamu, na anayefunga na upande wa pili karibu sana, tunamhitaji.

Wallaahu a'lam.